Mpira hautafungua kiganja: mwongozo kamili wa kuufundisha upya mkono baada ya kiharusi

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote huja na mpira mdogo mkononi. "Dada, mama amefinya huu mpira miezi mitatu, asubuhi na jioni. Mbona bado hawezi kushika kikombe?" Familia imefanya kila ilichoambiwa na mgonjwa amejituma. Zoezi lenyewe ndilo lisilofaa.

Baada ya kiharusi, kufumba vidole hurudi mapema kwa sababu kuna njia zaidi ya moja za kuamrisha tendo hilo. Hata njia za neva zinazoanzia kwenye shina la ubongo zinaweza kukaza kiganja kwa nguvu. Kufumbua vidole kimoja kimoja ni kazi nyingine. Kunategemea sana ile njia ndefu inayotoka kwenye gamba la ubongo na kushuka hadi uti wa mgongo, na hiyo ndiyo kiharusi huiumiza. Anayefinya mpira kutwa anaongeza nguvu mahali ambapo nguvu tayari ipo, huku kinachokosekana kikibaki vilevile.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyevuka wiki za mwanzo, ambaye mkono wake unasogea kidogo lakini hautumiki. Asiye na msogeo wowote wa vidole asome sehemu ya mwisho kwanza.

## Ubongo unafanya nini hasa

Seli zilizokufa kwa kukosa damu hazifufuki. Kinachowezekana ni majirani zao kuchukua kazi. Kwenye gamba la ubongo kila kiungo kina eneo lake, na kiganja kimegawiwa eneo kubwa. Pembeni ya kidonda kuna seli hai zenye miunganisho ambayo zamani ilikuwa kimya. Zikiitwa kazini mara kwa mara, miunganisho hiyo huamka, huimarika, na matawi mapya huchipua.

Mwaka 1996, mtafiti wa ubongo Randolph Nudo na wenzake walionyesha jambo hili kwa nyani waliopata kidonda kidogo kwenye eneo la kiganja. Waliofunzwa kila siku kuchokoa punje kutoka kwenye vishimo vidogo walilinda eneo la kiganja lililobaki, na kwa baadhi yao likapanuka hadi sehemu zilizokuwa za kiwiko na bega. Kabla ya hapo, wale walioachwa bila mafunzo walikuwa wamepoteza hata sehemu ya eneo lisiloguswa na kidonda. Ubongo hugawa nafasi kwa kazi inayofanyika, na mkono uliolazwa kwenye paja hupokonywa nafasi yake.

Angalia pia kazi yenyewe ilikuwa nini. Nyani hawakufinya chochote. Walikuwa na lengo, walikosea, wakarekebisha, wakapata. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya mambo hayo.

## Vifaa

- Meza imara, na kiti chenye mgongo kisicho na magurudumu. Nyayo zote mbili zifike sakafuni.
- Vipande 40 vya mbao vya mraba, kila upande sentimita 2.5.
- Beseni mbili za kina kifupi, na kipande cha boksi gumu chenye urefu wa sentimita 15 cha kusimamisha katikati yake.
- Chupa nyembamba tupu ya plastiki, na vikombe viwili vya plastiki, kimoja chembamba na kimoja kipana.
- Glavu nene isiyo na vidole vilivyotengana, au soksi nene.
- Saa ya kuhesabu sekunde. Ya simu inatosha.
- Daftari na kalamu.

Kifaa muhimu kuliko vyote hapo ni daftari. Bila namba, siku mbaya moja itakufanya uone kwamba wiki nzima imepotea.

## Kabla ya kuanza: nani yuko tayari

Laza mkono wa mgonjwa juu ya meza, kiganja kikining'inia nje ya ukingo na kutazama chini. Mwambie akiinue kiganja, kisha anyooshe dole gumba na vidole vingine. Usimsaidie. Kipimo kilichotumika kwenye EXCITE, jaribio la tiba ya kuuzuia mkono mzima ili mkono dhaifu utumike, lililochapishwa 2006, kilikuwa angalau nyuzi 10 za kuinua kifundo, nyuzi 10 za dole gumba, na nyuzi 10 kwa vidole vingine viwili. Nyuzi 10 ni kidogo sana, karibu theluthi moja ya pengo lililopo kati ya tarakimu mbili zinazofuatana kwenye saa ya ukutani. Ukiuona msogeo huo, na mgonjwa akaweza kuurudia mara tatu ndani ya dakika moja, yuko tayari.

Usianze bila daktari kuthibitisha kwamba shinikizo la damu limetulia. Usianze kama bega linauma hata likiwa limepumzika, au kama mgonjwa hana uthabiti wa kukaa mwenyewe.

Na usikimbilie. Siku za kwanza baada ya kiharusi ubongo uliojeruhiwa haustahimili mazoezi mazito. Majaribio yameonyesha kuwa kuzidisha dozi mapema mno kunaweza kudhuru. EXCITE ilichukua watu waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi. Wiki za mwanzo fuata kiwango cha mtaalamu anayemwona mgonjwa.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kufunza

Weka beseni mbili ubavu kwa ubavu na boksi gumu likisimama katikati. Vipande vyote viwe upande wa mkono unaopimwa. Kwa sekunde 60, mgonjwa achukue kipande kimoja kimoja, avuke ukuta, aachie upande wa pili. Pima mkono mzima kwanza ili aelewe kazi, kisha mkono dhaifu. Mkono mzima ukimaliza vipande kabla ya muda, msaidizi avirudishe huku akiendelea kuhesabu.

Mama wa mpira niliyemtaja juu alikuwa na miaka 58, miezi minne tangu kiharusi kilichoupiga upande wa kushoto wa ubongo. Kushoto alipata vipande 54. Kulia, vipande 8.

Lakini namba si yote. Tazama anakwama wapi. Mama huyu alikuwa anafikia, anashika, anainua. Kwenye kuachia ndipo sekunde zilipoishia: kipande kilibaki kimenaswa kati ya dole gumba na kidole cha shahada, naye akikung'uta mkono mzima ili kidondoke. Tulijua hapo hapo cha kufunza.

Umefanikiwa ukiwa na: namba mbili daftarini, tarehe, na sentensi moja inayosema anakwama wapi.

## Hatua ya 2: Chagua kazi moja na uivunje

Mwulize mgonjwa, usiwaulize watoto wake: ni kitu gani anataka mkono huo ufanye? Jibu la "nataka upone" halitufai. Mama alisema, "Nataka ninywe chai mwenyewe bila kushikiwa." Hiyo ni kazi.

Ivunje vipande: kupeleka mkono, kufungua kiganja mbele ya kikombe, kushika, kuinua, kupeleka mdomoni, kurudisha mezani, kuachia. Mafunzo yanaanzia kwenye kipande kilichokwama, kisha unakiunganisha na kazi nzima siku hiyo hiyo. Kipande kikifunzwa peke yake wiki nzima, ubongo hujifunza kipande tu.

Watu wengi huanza na kikombe kipana kwa kudhani kikubwa ni rahisi. Kwa mtu ambaye kiganja hakifunguki ni kinyume chake. Kadiri kitu kinavyokuwa kinene ndivyo vidole vinavyotakiwa kufunguka zaidi. Tulianza na chupa nyembamba.

## Hatua ya 3: Mkalishe vizuri

Kiti kiwe karibu, meza usawa wa kiwiko, chupa iwe umbali ambao mkono unafika bila kunyooka wote. Kisha chomeka daftari kati ya mgongo wa mgonjwa na mgongo wa kiti. Likidondoka, amesogeza kiwiliwili mbele badala ya kunyoosha kiwiko.

Hili si jambo la mapambo. Ubongo haujali umefikaje, unajali kwamba umefika. Akizoea kuinamia kikombe na kupandisha bega hadi sikioni, ndilo tendo litakaloandikwa na kupewa nafasi, na kulifuta baadaye ni kazi ngumu kuliko kufunza upya.

Tahadhari: Usiuvute mkono dhaifu kumsaidia kunyanyuka au kujiweka sawa kitini. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na bega huchomoka kidogo au kuvimba kwa kuvutwa. Kamba ya kuvutia mikono juu ya kichwa, ambayo familia nyingi huifunga mlangoni, iache kabisa.

## Hatua ya 4: Marudio, na jinsi ya kupandisha ugumu

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo, na hapa ndipo wengi wanapofanya pungufu. Uchunguzi mmoja uliochapishwa 2009 ulihesabu vitendo halisi vya mkono katika vipindi vya kawaida vya tiba ya kiharusi, ukapata wastani wa 32 kwa kipindi. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulijipanga upya walifanya mamia kwa siku. Saa moja iliyopangwa vizuri inaweza kufikisha marudio 300 kwa mtu aliyejenga uwezo. Anza na 60 hadi 100, panda polepole.

Panga hivi. Raundi moja ni majaribio 10. Kila jaribio ni sekunde 30. Msaidizi anahesabu amekamilisha mara ngapi, anaandika, anamtajia namba papo hapo. Kati ya majaribio, pumziko la sekunde 30 au zaidi. Baada ya raundi mbili, dakika 10 za kukaa kimya.

Jaribio la kwanza kabisa la mama lilikuwa hivi. Anapeleka kiganja kwenye chupa, vidole vimejikunja. Nikamwambia alegeze kifundo, kiganja kining'inie kuelekea chini. Kifundo kikishuka, kano za nyuma ya mkono hukazika na kuvuta vidole vifunguke kidogo vyenyewe. Mwanya ukapatikana, chupa ikaingia. Akashika, akainua sentimita tano, akaweka. Kuachia tena: kifundo chini, subiri, vidole vikafunguka taratibu kama ua linalofumbuka. Mara mbili kwa sekunde 30. Tukaandika 2.

Hila hiyo ya kifundo ni ngazi tu. Ukiiacha iwe ya kudumu, atabaki anashika vitu kwa kiganja kilichopinda, bila nguvu. Kwa hiyo siku ya tatu nilimtaka aachie kifundo kikiwa juu kidogo. Namba ikashuka kutoka 4 hadi 2, kisha ikapanda tena hadi 5.

Kanuni ya ugumu ni moja: akifaulu karibu kila mara, pandisha, akishindwa zaidi ya nusu, shusha. Panapofaa ni pale anapofaulu mara saba au nane kati ya kumi. Makosa machache yanahitajika, kwa kuwa ubongo hurekebisha njia zake kwa kulinganisha kilichokusudiwa na kilichotokea. Zoezi lisilo na kosa hata moja halifundishi.

Pandisha kitu kimoja tu kwa wakati: unene wa chombo, au umbali, au uzito, au kasi. Mama alipita kutoka chupa nyembamba, kikombe chembamba kitupu, kikombe kipana kitupu, hadi kikombe kipana chenye maji baridi robo. Ukibadilisha viwili pamoja na namba ikaanguka, hutajua kipi kimemwangusha.

Dalili za kusimama: bega kuuma, vidole kuanza kukakamaa zaidi ya mwanzo wa kipindi, au namba kushuka raundi mbili mfululizo. Hiyo ya mwisho ni uchovu wa ubongo, na si uvivu. Mpumzishe. Usingizi mzuri wa usiku nao ni sehemu ya mafunzo, kwani ndipo kilichojifunzwa mchana hutulia.

Dalili za kukimbilia hospitali papo hapo: uso kuvutika upande, maneno kukwama ghafla, udhaifu mpya, kichwa kuuma kwa ghafla na kwa ukali.

Umefanikiwa ukiona: namba za wiki ya pili kwa chombo kigumu zinakaribia zile za wiki ya kwanza kwa chombo chepesi.

## Hatua ya 5: Zuia mkono mzima

Mgonjwa akijaribu mkono dhaifu mara mia na kushindwa, huacha kuutaka. Mkono mzima unachukua kila kitu, na hata nguvu zikirudi baadaye, mkono dhaifu unabaki kama mgeni. Mwanasaikolojia Edward Taub aliiita hali hii kutotumia kulikojifunzwa. Dawa yake ni kuuvisha mkono mzima glavu ili mkono dhaifu usipate wa kumwachia kazi.

Kwenye EXCITE walivaa glavu kwa asilimia 90 ya saa za kuwa macho kwa wiki mbili, na kufunzwa hadi saa 6 kwa siku. Nyumbani, bila mtaalamu pembeni, sikushauri hivyo. Anza na saa 2 kwa siku, za wakati ambao kuna mtu karibu, panda hadi saa 4 au 5 kufikia mwisho wa wiki ya kwanza.

Glavu inavuliwa wakati wa kutembea kama mizani yake si imara, kwenye ngazi, bafuni, karibu na moto au maji ya moto, na wakati wa kulala. Usiufunge mkono kwa kamba wala kuukaza mwilini. Mgonjwa lazima aweze kuivua mwenyewe akiteleza.

Glavu peke yake, bila marudio ya hatua ya 4, ni adhabu tu. Nimeona nyumba iliyomvisha mzee glavu kutwa nzima na kumwacha mbele ya televisheni. Alichojifunza ni kutofanya lolote kwa mikono yote miwili.

## Hatua ya 6: Utoe mezani, uingize maishani

Mkono unaoweza mezani hautumiki jikoni mpaka uagizwe. Andika orodha ya vitendo kumi vya kila siku ambavyo mkono dhaifu utafanya: kuwasha taa, kufungua mlango, kushika taulo, kufuta meza, kubeba simu. Karibu na kila kimoja, kila jioni, mgonjwa mwenyewe ajipe alama kuanzia 0 (sikuutumia kabisa) hadi 5 (kama zamani).

Binti wa mama yule alipata shida hapa. Alikuwa anamsaidia mama yake kabla hajaombwa, kwa mapenzi. Nikampa sharti moja: ahesabu kimya hadi ishirini kabla ya kunyoosha mkono wake. Siku ya kwanza aliniambia, "Dada, ishirini ni ndefu kuliko mwaka." Lakini ndani ya hiyo ishirini mama alifungua mlango wa chumba chake mara ya kwanza.

Umefanikiwa ukiona: alama kutoka 0 na 1 zikisogea kuelekea 2 na 3, na mkono ukianza kunyooka wenyewe kabla ya kukumbushwa.

## Hatua ya 7: Pima tena, na usome namba kwa uaminifu

Baada ya wiki mbili rudia kipimo cha hatua ya 1, saa ileile ya siku, kiti kilekile. Tofauti ya kipande kimoja au viwili isikufurahishe wala kukukatisha tamaa, maana hubadilika hata siku kwa siku. Vipande sita au zaidi ni badiliko la kweli.

Mama alitoka 8 hadi 17. Baada ya wiki sita alifika 23. Chai anakunywa kwa mkono wa kulia, kikombe kikiwa nusu. Vifungo vidogo vya blauzi bado vinamshinda, na kuandika bado.

Namba isiposogea kwa wiki tatu, tafuta sababu kabla ya kuongeza saa. Angalia kwanza marudio halisi daftarini, kwa kuwa "tunafanya kila siku" mara nyingi ni 40. Kisha angalia kama ugumu umeganda mahali pamoja. Tatu, jaribu kunyoosha vidole vyake wewe kwa upole. Vikikurudisha kwa nguvu kila ukivuta haraka, ni ukakamavu wa misuli unaomzuia, na mpeleke kwa daktari. Kuna dawa na sindano za kulegeza misuli hiyo kwa miezi michache, na muda huo ndio wa kufunza kufungua.

## Kama vidole havisogei kabisa

Hatua za juu hazitamfaa kwa sasa. Glavu itamtesa bure.

Mweke mbele ya kioo kilichosimamishwa katikati ya kifua, upande unaoakisi ukiutazama mkono mzima, mkono dhaifu ukiwa umefichwa nyuma. Afungue na kufunga mkono mzima taratibu huku akitazama kiooni, ambako ataona kama mkono dhaifu unafunguka. Wakati huohuo ajaribu kuufanya mkono uliofichwa ufuate. Dakika 15, mara mbili kwa siku, kwa wiki nne. Mtaalamu akiwa na mashine ya umeme mdogo wa kuamsha misuli ya kunyoosha kifundo, iongezwe hapo.

Kila Jumatatu rudia kile kipimo cha kuning'iniza kiganja ukingoni mwa meza. Msogeo wa kunyoosha ukitokea, hata wa dole gumba peke yake, rudi hatua ya 1. Usipotokea baada ya miezi mingi, huenda ile njia ndefu ya kutoka gambani imekatika mno, na majirani hawana barabara ya kupitishia amri. Hapo kazi inabadilika: kulinda bega, kunyoosha vidole kila siku visigande, kusafisha kiganja, na kuufunza mkono dhaifu kushikilia vitu kama uzito, kwa mfano kukandamiza karatasi mezani wakati mkono mzima unaandika.